Ripoti mbili, tarehe mbili: kwanini utrasaundi ya mwisho "imempunguza" mtoto wiki

Kuna swali naulizwa karibu kila siku pale ninapofanyia kazi, Temeke, na mara nyingi mama analiuliza akiwa bado anajifuta jeli tumboni: "Dokta, mbona ripoti ya kwanza walisema najifungua tarehe 17 na wewe umeandika 31?" Kwanza mimi sio dokta, mimi napiga picha tu, ila Dar ukishavaa koti jeupe ushakuwa dokta hata kama umekuja kutengeneza feni. Pili, hilo swali ni la maana kuliko hata anayeuliza anavyodhani, maana wengi hawaulizi kabisa, wanachukua ripoti ya mwisho wakiamini iliyo mpya ndio sahihi, kama bei ya sukari. Kwenye utrasaundi ya mimba ni kinyume chake, na kuna siku hilo kosa linaficha mtoto ambaye hapati chakula cha kutosha tumboni.

Nieleze kwa kisa kimoja, nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mwenyewe asijulikane. Dada mmoja wa Mbagala, mimba ya pili, alikuwa ametoka kuacha sindano ya uzazi wa mpango kwa hiyo hedhi yake ilikuwa inakuja inapotaka, ukimuuliza mara ya mwisho aliona lini anakwambia Januari, mwanzoni, au ilikuwa mwishoni, hakumbuki. Akapiga picha ya kwanza tarehe 4 Aprili 2025. Ripoti yake ilikuwa fupi kweli, mistari kama mitano, na kipimo cha maana kilikuwa kimoja tu: CRL 54 mm, pembeni yake GA 12w0d, chini EDD 17/10/2025.

CRL ni urefu wa mtoto kuanzia utosini mpaka makalioni. Miguu haihesabiwi kwa sababu imekunjwa na haitulii. GA ni umri wa mimba, hizo w na d ni wiki na siku, na EDD ni tarehe ya makadirio ya kujifungua. Sasa kwanini kipimo kimoja cha sentimita tano na kitu kinatosha kupanga tarehe ya miezi sita mbele? Kwa sababu miezi mitatu ya kwanza watoto wote wanakua karibu kwa mwendo mmoja, awe wa mama mrefu au mfupi, anayekula vizuri au anayetapika kila asubuhi, wa Masaki au wa Mbagala Kuu. Bado hawajaanza kutofautiana. Kwa hiyo ukipima vizuri hapo, ukosefu wake ni siku tano mpaka saba tu, mbele au nyuma. Hakuna kipindi kingine chochote cha mimba ambacho mashine itakupa tarehe kwa uhakika wa namna hiyo.

Hapo hapo niseme jambo ambalo limeshavunja nyumba za watu. Hizo wiki 12 hazihesabiwi tangu siku mimba ilipotunga, zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ndio utaratibu wa dunia nzima, siku 280 kutoka hapo. Mimba yenyewe inatunga kama wiki mbili baadae. Kwa hiyo ripoti ikisema wiki 12, mtoto ana kama wiki 10 tangu atungwe. Nimeshakutana na baba, dereva wa malori ya Tunduma, anahesabu kwa vidole mbele yangu, wiki 12 nyuma nilikuwa njiani, hii mimba ya nani? Alirudi nyumbani siku kumi na moja baada ya hiyo tarehe anayoihesabu. Nilimuelewesha taratibu, akakaa kimya, akaniuliza kwanini sasa msiandike hivyo kwenye karatasi. Sikuwa na jibu zuri. Hata mama ambaye hana hedhi ya kueleweka mashine inampa wiki kwa mtindo huo huo, inajumlisha zile mbili za mwanzo.

Turudi kwa dada yetu. Akaendelea na kliniki, katikati hapo hakupiga picha nyingine, mpaka nesi alipopima tumbo kwa tepu akaona kimo cha mfuko wa uzazi kipo chini kidogo ya kinavyotakiwa, akamwandikia utrasaundi. Akaja kwetu tarehe 29 Agosti. Kwa hesabu ya picha ya kwanza siku hiyo alikuwa na wiki 33 kamili. Ripoti ikatoka hivi:

```
BPD   78 mm    31w2d
HC   286 mm    31w3d
AC   260 mm    30w1d
FL    60 mm    31w2d
GA (avg)       31w0d
EDD            31/10/2025
EFW  1630 g
```

Yani kwa macho ya kawaida mtoto amepunguzwa wiki mbili na tarehe imesogea kutoka 17 mpaka 31 Oktoba. Mama mkwe wake alikuwa nje kwenye benchi, akasema ndio hivyo hivyo hata yeye zamani walimkosea hesabu, mtoto atakuja akitaka.

BPD ni upana wa kichwa kutoka upande mmoja mpaka mwingine. HC ni mzunguko wa kichwa, AC ni mzunguko wa tumbo, FL ni urefu wa mfupa wa paja. Hivyo vinne ndivyo mkono wangu umepima, kwa milimita. Ila hizo wiki za upande wa kulia hakuna mtu aliyezipima! Mashine imechukua milimita zangu ikaenda kwenye jedwali lake la ndani na kuuliza: mtoto wa wastani mwenye paja la milimita 60 huwa ana wiki ngapi? Jedwali likajibu 31 na siku mbili. Ikauliza hivyo kwa kichwa, kwa tumbo, kisha ikapiga avareji, na kutoka kwenye avareji ikahesabu EDD mpya. Mashine nyingi mjini zinatumia jedwali la Hadlock, daktari wa picha wa kule Houston Marekani aliyetengeneza hizo fomula miaka ya 80 kwa kupima wajawazito wa huko. Ukitazama pembeni ya skrini mara nyingi utaliona jina lake limeandikwa.

Kwa hiyo zile wiki 31 ni saizi ya mtoto iliyovalishwa nguo ya umri. Zinasema huyu mtoto ana ukubwa wa mtoto wa wastani wa wiki 31. Hazisemi ana wiki 31. Mwanzoni mwa mimba hivyo vitu viwili vinakaribia kuwa kitu kimoja kwa sababu watoto wote wanalingana, lakini kuanzia miezi sita hivi watoto wameshaachana, mmoja wa baba mrefu, mwingine mama yake ana kisukari amekuwa bonge, mwingine kondo la nyuma limechoka hapati chakula cha kutosha. Ndio maana tarehe inayotokana na picha ya baada ya wiki 28 inaweza kukosea wiki tatu mbele au nyuma, na mashine haikuandikii hilo kwa herufi kubwa, inakupa tarehe moja safi kabisa kama imeshushwa kutoka juu.

Hapo ndipo kanuni inatoka: tarehe ikishapangwa kwa picha nzuri ya mwanzo, inabaki hiyo hiyo mpaka mwisho. Picha zinazofuata hazibadilishi tarehe, zinapimwa kwa kulinganishwa na hiyo tarehe. Swali la tarehe 29 Agosti lilitakiwa liwe "huyu mtoto tunayejua ana wiki 33, mbona ana saizi ya wiki 31?"

Tazama uzito sasa, ile EFW. Hii nayo haijapimwa, hakuna mizani tumboni, ni fomula inayochanganya kichwa, tumbo na paja, na inaweza kukosea kama asilimia 15 juu au chini. Gramu 1,630 maana yake mtoto anaweza kuwa na kitu kama 1,390 au akawa na 1,870. Mama wengi wanashika ile namba kama ya duka la nyama, mtoto wangu ana kilo moja na mia sita thelathini. Hapana, ana kama kilo moja na nusu na kitu, hapo katikati.

Lakini hata na huo ukosefu, angalia kinachotokea ukibadilisha tarehe. Kwa jedwali hilo hilo la Hadlock, mtoto wa wastani wa wiki 31 ana kama gramu 1,750. Wetu mwenye 1,630 yuko pungufu kidogo, hakuna wa kushtuka, mama anarudi zake Mbagala. Mtoto wa wastani wa wiki 33 lakini ana kama 2,160, na mstari ambao chini yake wamebaki watoto kumi tu kati ya mia uko karibu na 1,800. Wetu yuko chini ya huo mstari. Mtoto ni yule yule, picha ile ile, siku ile ile, ukishika tarehe mpya yuko sawa na ukishika ya zamani ana shida. Na ubaya wake ni kwamba tarehe mpya itamfanya mtoto aliyedumaa aonekane sawa kila mara, kwa sababu tarehe yenyewe imetengenezwa kutokana na udogo wake.

Kuna kitu kingine kwenye ile ripoti ambacho avareji imekimeza. Kichwa na paja vyote viko 31 na siku mbili tatu, tumbo liko 30 na siku moja. Tumbo limebaki nyuma ya wenzake kwa zaidi ya wiki. Kwenye picha ya AC kitu kikubwa tunachokizunguka ni ini, na ini ndio ghala la mtoto, akianza kupata chakula kidogo damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo na ghala linabaki tupu, kwa hiyo tumbo linasinyaa mapema kabla kichwa hakijaguswa. Mtu anayejua kusoma ripoti anaangalia hiyo safu ya kulia mstari kwa mstari kabla ya avareji.

Ila nisije nikawatisha, maana AC ndio kipimo kinachoharibika kirahisi kuliko vyote. Ili kiwe sahihi inabidi uone duara, sio yai, ndani yake lile povu jeusi la tumbo la chakula na kipande kifupi cha mshipa unaotoka kwenye kitovu. Ukiona figo umeshuka chini sana. Ukibonyeza probu kwa nguvu duara linabonyea, mtoto akihema linabadilika, ukikata kwa mshazari unapata tumbo kubwa lisilokuwepo. Ndio maana tunapima mara mbili tatu, na ukiona picha iliyobandikwa kwenye ripoti yako tumbo lina umbo la embe, hiyo namba ichukue kwa tahadhari. BPD nayo ina visa vyake, mtoto aliyekaa kwa kutanguliza makalio kichwa kinaweza kuwa kirefu na chembamba, basi upana unatoka mdogo bila ugonjwa wowote, HC inamtetea.

Sasa yale maneno. Chini ya vipimo niliandika, kwa kile Kiingereza chetu cha ripoti, maana yake hivi: mtoto mmoja, yu hai, ametanguliza kichwa. Kondo liko juu, halijashuka. Maji ya uzazi yapo kwenye kiwango cha chini cha kawaida. Hakuna kasoro kubwa ya wazi iliyoonekana, kwa kadiri picha ilivyoruhusu. Vipimo vinalingana na wiki 31 na siku 0. Kwa kuzingatia picha ya kwanza, inaashiria mtoto mdogo kuliko umri wake. Ihusianishwe na hali ya mgonjwa, picha irudiwe baada ya wiki mbili.

Watu wanasoma hivi wanasema huyu jamaa anakwepa, si aseme tu. Mimi nakubali kuna wenzetu wanaficha uvivu nyuma ya hayo maneno, wanabandika ile ile kwa kila mtu. Ila kila neno lina kazi yake. "Hakuna kasoro iliyoonekana" sio sawa na "hakuna kasoro". Kwenye wiki 33 mtoto amejikunja, mifupa inatupa kivuli, uso ameugeuzia mgongoni kwa mama, vitu vingi vya moyo na mgongo vinaonekana vizuri zaidi kati ya wiki 18 na 22. Neno "kwa kadiri picha ilivyoruhusu" linakwambia kuna sehemu sikuziona, na una haki ya kuniuliza ni zipi.

"Vipimo vinalingana na" ndio sentensi inayopotosha wengi, wanaisoma kama "mimba ina". Inasema saizi, basi. "Inaashiria" ni kwamba picha inaelekea huko lakini haijafika, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuwa mdogo wa kuzaliwa tu, mama yake mwenyewe ana mita moja na nusu na mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo mbili na nusu akiwa mzima kabisa. Kudumaa na udogo ni vitu viwili, na picha moja haiwezi kuvitenganisha, ni kama kukuta mtu amesimama barabarani Buguruni ukaulizwa anaenda spidi gani, lazima umuone mara ya pili.

Na "ihusianishwe na hali ya mgonjwa" maana yake mimi chumbani kwangu sioni presha ya mama, sioni mkojo wake, sijui kama miguu imevimba, na mara nyingi hata ile ripoti ya kwanza sijaletewa. Hapa ndipo bahati ilikuwepo, huyu dada alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya kadi ya kliniki, imefifia lakini CRL inasomeka. Bila hiyo karatasi hata mimi ningeandika wiki 31 nikamwacha aende. Kuna kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi tulikuwa tunapewa dakika kumi kwa mtu na hakuna anayeulizia ripoti za zamani, nikikumbuka nilioandikia tarehe mpya kule huwa nakosa raha.

Daktari wake alipofungua kadi akakuta presha ni 144/92, kliniki iliyopita ilikuwa 118 kwa 76. Hapo udogo wa mtoto ukapata maana nyingine. Akatumwa kupimwa dopla, yani kuangalia damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu, ikaonekana bado inapita vizuri. Akaambiwa afuatilie mtoto anavyocheza kila siku na akiona amepunguza aje saa hiyo hiyo asingoje tarehe. Wengi wanauliza kwanini arudie baada ya wiki mbili, kwanini sio siku nne. Kwa sababu mkono wangu mwenyewe unaweza kukosea milimita kadhaa, ukipima mapema mno hujui unachokiona ni ukuaji au ni makosa yako.

Tarehe 12 Septemba akarudi. Tumbo la mtoto kipindi hicho huongezeka kama milimita 10 kwa wiki, kwa hiyo tulitegemea 20 hivi. AC ilikuwa 269. Milimita 9 tu, kwa wiki mbili. Paja limesogea kidogo, kichwa kinaendelea, tumbo limesimama. Nikaandika neno la kudumaa bila alama ya kuuliza, kwa mara ya kwanza. Akalazwa, presha ikadhibitiwa, dopla ikawa inarudiwa, na tarehe 26 Septemba, wiki 37 kamili kwa hesabu ya ile karatasi iliyofifia, wakamwanzishia uchungu. Mtoto wa kike, gramu 2,050, alilia mwenyewe. Kwa tarehe ya mashine siku hiyo angekuwa na wiki 35, na kuna mtu angesema bado mchanga, asubiri.

Kama huna picha ya mwanzo, na wako wengi, basi ile ya mapema kuliko zote ulizonazo ndio inashika usukani, hata kama ilikuwa ya wiki 20, ukijua ukosefu wake hapo ni kama siku kumi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri angalau picha moja kabla ya wiki 24, na sababu mojawapo ni hii ya tarehe. Na kama ya kwanza kabisa unapiga ukiwa na miezi nane, hedhi huikumbuki, basi hakuna anayeijua tarehe yako, mwambie daktari hivyo hivyo waziwazi, na hapo kinachosaidia ni kupiga tena baada ya wiki mbili au tatu kuona anakua kwa mwendo gani. Ripoti zote ziwekwe kwenye kadi, ya kwanza juu. Zikianza kufifia zipige picha kwa simu, ile karatasi ya mashine haipendi jua wala joto la Dar.